Profesa Alipoitafuta Makala Yake Mbele za Watu

Yule jamaa wa Makole keshawaambia nililia kikaoni mbele ya Profesa. Sikulia. Nisikilizeni mwenye aibu yangu.

Tunafanya mapitio ya kimfumo ya tafiti za vikope kwa watoto. Nikashusha rekodi za makala kutoka hifadhidata tatu: Embase 538, PubMed 412, African Index Medicus 47. Jumla 997. Kabla ya kuchuja, zinazojirudia lazima zitolewe na idadi yake iandikwe, maana mchoro wa PRISMA una kisanduku chake. Nikazimwaga zote kwenye Excel, nikabonyeza `Remove Duplicates`, nikaweka tiki kwenye safu moja tu, ya DOI. Si kila makala ina namba yake? (Msinijibu.)

```
468 duplicate values found and removed; 529 unique values remain.
```

Nikaenda zangu kula mishikaki.

Kesho yake projekta imewaka, Profesa kavaa miwani. Anaitazama 529. Anaitazama 538. Anarudi kwenye 529.

"Mwanangu."

"Naam, Profesa."

"Embase peke yake ina ngapi?"

"538."

"Zenyewe kwa zenyewe zinajirudia?"

"Hapana, nilikagua."

"Ndoo imejaa, ukaongezea maji ya ndoo mbili, yakapungua?"

Mtu akakohoa. Mnaocheka nawaona.

"Hebu nitafutie ile makala yangu ya Kongwa."

Nikaandika jina lake, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, ukuta mzima ukisoma. Hakuna. Nikaandika Kongwa. Zikaja za watu wengine. Nikarudia jina, safari hii kwa herufi kubwa, kana kwamba Excel haikusikia. Hakuna.

"Labda sikuiandika," akasema, taratibu kabisa.

Watu wakaanza kukagua viatu vyao.

Kumbe makala nyingi za zamani za majarida yetu hazina DOI, na Excel ikikuta seli tupu inaziona zote kitu kimoja: inabakiza ya kwanza, nyingine inafagia. Tupu zilikuwa 140. Zikaondoka 139, na Profesa wetu humo humo.

Bahati mafaili ya mwanzo nilikuwa nayo. Nikarudia: kwanza zenye DOI tu, zikatoka 329. Kisha nikalinganisha kichwa, mwaka na mwandishi wa kwanza, kwa macho, maana jarida lile lile huku limeandikwa kwa kirefu, kule kwa kifupi. Zikatoka 32. Na sasa sifuti kitu. Kila inayotoka naihamishia karatasi nyingine, nahesabu mistari. Kisandukuni 361, za kuchuja 636. Profesa akaitikia kwa kichwa, yakaisha.

Hayajaisha. Makala yake imerudi, tukaanza kuchuja, mimi na mwenzangu kila mtu kivyake, na wote wawili tumeitoa. Ni ya watu wazima watupu, mtoto hata mmoja hamna.

Mwenye mbavu za kwenda kumwambia ajitokeze.