Bahari imesingiziwa

Jumapili jioni mtu alitupia picha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu huku Kigamboni. Ukurasa mmoja wa ripoti, sentensi moja imezungushiwa wino mwekundu: "Matokeo yamethibitisha kuwa maji ya bahari yameingia katika visima vya mtaa." Hadi saa ya isha mmoja alikuwa anauliza kama nyumba zitazama, mwingine anatangaza kiwanja "bei ya kutupa", na mama anayeuza maji ya kisima hapa jirani, ndoo kwa ndoo, wateja wake walikuwa wamehamia kwa mwenye bomba.

Kilichoniuma ni kwamba ile ripoti naijua. Ilipita mezani kwangu, maana kuhariri ripoti za watu ndiyo kazi inayonilisha. Nililikata lile "yamethibitisha" kwa mkono wangu, nikaandika pembeni kwamba takwimu hazifiki huko. Mwandishi, kijana mpole kabisa, akanipigia: "Dada, nikiandika 'yanadokeza' mfadhili ataona sijafanya kazi." Nikamwambia mfadhili anajua kusoma jedwali. Kumbe hajui, au hakulifungua. Neno likarudishwa, ripoti ikachapwa, na leo bahari inashtakiwa kwa kosa ambalo ushahidi wake hata mgambo wa kata angeuona umepwaya.

Tulifungue hilo jedwali. Visima 12, vimepimwa mara moja tu, mwezi Agosti, katikati ya kiangazi. Vilipimwa upitishaji umeme, nitreti, na kloridi, ile sehemu ya chumvi. Hoja ya ripoti ni fupi: kloridi iko juu, bahari ina kloridi, basi ni bahari.

Si hoja ya kijinga, nakubali. Lita moja ya maji ya bahari ina kama miligramu 19,000 za kloridi. Asilimia 2 tu ya maji hayo ikijipenyeza kisimani inakuletea karibu miligramu 380 kwa lita, na ulimi wa watu wengi huanza kulalamika zikifika kama 250. Kwa hiyo kisima cha yule mama, chenye miligramu 430, kinaweza kabisa kuwa kimeonja bahari. Kinaweza. Ukisoma safu ya kloridi peke yake, sentensi ya haki ni hii: "Kiwango hiki kinapatana na kuingia kwa maji ya bahari." Kupatana na jambo maana yake ni kwamba jambo hilo lingekuwa kweli, tungetegemea kuona hiki tunachokiona. Hakuna zaidi ya hapo. Mtuhumiwa alikuwa mjini siku ya wizi. Nami nilikuwa mjini, na wewe pia.

Nina jaribio langu la sentensi za namna hii, na halihitaji maabara. Chukua sentensi ileile, ng'oa maelezo ya kwanza, pachika ya pili, uisome kwa sauti. "Kiwango hiki kinapatana na maji ya choo kuvuja kisimani." Inasimama? Inasimama wima. Mkojo wa binadamu umejaa chumvi, na mtaa wetu una shimo la choo kila baada ya hatua chache. Tena: "Kiwango hiki kinapatana na chumvi ya kale iliyobaki katika mchanga na udongo wa mfinyanzi uliowahi kuwa chini ya bahari." Nayo inasimama. Ukishakuwa na maelezo matatu yanayokaa kwenye kiti kimoja bila kusukumana, huna ruhusa ya kupanda juu ya "kinapatana". Ukitaka kupanda, leta kitu kinachomwinua mmoja kwenye kiti.

Na kitu hicho kilikuwemo! Safu ya tatu, kiambatisho, ukurasa wa mwisho, haikutajwa hata mara moja kwenye majadiliano. Kisima cha mama: nitreti miligramu 110 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha 50. Maji ya bahari karibu hayana nitreti, yaani hata ukiyamwaga kisimani kwa pipa hayatakupa 110. Choo kinakupa, maana uchafu wa binadamu ukioza ardhini huzaa nitreti. Halafu kisima kilicho karibu zaidi na ufukwe kuliko vyote kumi na viwili kina kloridi 180 na nitreti 12. Bahari gani hii inayoruka jirani yake wa kwanza ikaenda kumtia chumvi mtu wa ndani, ambaye kisima chake kifupi kiko hatua kumi na moja kutoka chooni? Nilizihesabu mwenyewe, kwa viatu vya kazini, mama ananitazama kama nimepagawa.

Hapo sasa ndipo mahali halali pa "yanadokeza". Kudokeza ni zaidi ya kupatana. Anayedokeza anakuegemeza upande mmoja, ila hafungi mlango. Kwa kisima cha mama, ningeandika: "Nitreti nyingi pamoja na kloridi, katika kisima kifupi kilicho karibu na shimo la choo, vinadokeza kwamba chumvi hii kwa sehemu kubwa inatoka chooni." Kwa nini nisiseme vinathibitisha? Kwa sababu bahari na choo vinaweza kuchangia kisima kimoja bila kugombana. Kwa sababu kipimo ni kimoja, cha siku moja. Na kwa sababu kipo kipimo ambacho kingetenganisha zaidi na hakikufanywa: bromidi, ndugu wa kloridi anayepatikana kwa uchache kwenye chumvi. Katika maji ya bahari, kwa uzito, kloridi ni kama mara 290 ya bromidi, popote uchotapo. Chumvi ya mezani imepoteza sehemu kubwa ya bromidi yake pale ilipogandishwa, maana bromidi hubaki kwenye majimaji, kwa hiyo maji ya choo cha watu wanaokula chumvi kwa kawaida huwa na uwiano wa juu zaidi ya huo. Nao uwiano huo si uchawi, maji yakichanganyika uwiano hukaa katikati ukabaki unabahatisha. Lakini ungekuwa ni ushahidi unaochagua upande, na kitenzi kingepanda nao ngazi moja.

Kipo kisima kimoja, uniwie radhi bahari, ambacho kinanisumbua. Kirefu kuliko vyote, cha mwenye nyumba za kupangisha, kinavutwa kwa pampu mchana na usiku. Kloridi 900, nitreti 4. Hapo ningekubali kuandika kwamba matokeo yanadokeza maji ya bahari yanavutwa kutoka chini. Nitreti 4 peke yake haikisafishi choo, kwa sababu chini kusiko na hewa bakteria huila nitreti ikatoweka, na ile chumvi ya kale nayo bado ipo kwenye orodha. Ila kina, pampu na kloridi vinaelekea upande mmoja. Kipime tena baada ya masika, kipime mwakani, na mwaka unaofuata. Kloridi ikiwa inapanda kadiri pampu inavyovuta, na bromidi ikakaa kwenye uwiano wa bahari, mimi mwenyewe nitakuja na kalamu niandike "yanaonyesha".

Kwa hiyo mtaa mmoja, ripoti moja, na vitenzi tofauti kwa visima tofauti. Kijana akakusanya kumi na viwili kapu moja, akawapa wote "yamethibitisha", kama konda anayesema "twende, kumejaa" kabla watu hawajapanda.

Na msinielewe kwamba nataka kila sentensi itetemeke. Nakutana sana na ugonjwa wa pili, "huenda inawezekana matokeo haya yakaashiria uwezekano wa". Mwenzangu, unaogopa nini? Nitreti katika kisima cha mama imezidi kikomo. Imepimwa, namba iko, kikomo kiko. Andika "imezidi", kwa sauti kavu. Hapo "inadokeza kuzidi" ni uongo uleule wa yule wa kwanza, ila umevaa kanzu ya unyenyekevu. Unachokiona kwenye kipimo kiseme wazi. Ulegeze kitenzi pale unapoanza kueleza kimetoka wapi.

Wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kazi hii siwajibu tena. Dalili ya mvua ni mawingu, wamesema wahenga, na angalia neno walilolichagua. Dalili. Mkazi yeyote wa Dar anajua mawingu ya Agosti yanavyotanda asubuhi, unabeba mwavuli, saa nne jua linakucheka.

Ukitaka kuona kitenzi kikipanda ngazi kwa heshima, tazama Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lile la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1995 waliandika kwamba uzito wa ushahidi "unadokeza" athari ya binadamu inayotambulika katika tabianchi. Mwaka 2001 wakasema sehemu kubwa ya joto la miaka 50 iliyotangulia kuna uwezekano ni kwa sababu ya gesi zetu, 2007 uwezekano mkubwa sana, 2013 mkubwa kupindukia, na 2021 wakaandika kwamba binadamu ameipasha joto dunia, jambo lisilo na utata. Miaka 26 kutoka "unadokeza" hadi hapo. Kila neno la uwezekano walikuwa wamelipangia kiwango chake, hivi kwamba "mkubwa sana" ni zaidi ya asilimia 90 na si hisia ya mwandishi aliyeshiba. Kijana wangu alitaka kupanda ngazi hiyo yote kwa chupa 12 za maji na siku moja ya Agosti.

Wenye kusema "ni neno tu" nawaomba wafikirie neno hilo limefanya nini hapa mtaani. Bahari huwezi kuihamisha. Ukiambiwa ni bahari, unakunja mikono. Shimo la choo unaweza kulihamisha, kisima kifupi unaweza kukifunga, na mama wa kichanga anaweza kuambiwa leo, si mwakani, asikorogee maziwa ya mtoto kwa maji haya. Nitreti nyingi huharibu uwezo wa damu ya mtoto mchanga kubeba hewa, na kuyachemsha maji hakuiondoi, kunaiongezea makali tu maji yanapopungua. Maneno hayo hayakuwemo kwenye ile picha ya wino mwekundu. Na mimi niliyeliona jedwali mapema nilipigiwa simu moja tu nikanywea, nikalipwa, nikaendelea na ripoti nyingine.

Jana nilikwenda kwa mama. Nikamsalimia, tukakaa kibarazani, nikamweleza habari za nitreti, choo na bahari, polepole, kwa kirefu. Akaitikia, akauliza maswali mazuri, akaniletea na chai. Leo asubuhi napita kwenda kwenye pantoni, nakuta kibao kipya kimeegemezwa kwenye tangi lake, kimeandikwa kwa chaki: MAJI YA CHOONI HAYAPO, YA BAHARI HAYAPO. IMETHIBITISHWA NA DADA WA RIPOTI.