Nyuzi za Asbesto na Swali la "Lau Si"

Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1966, walinzi watatu wa usiku katika chuo kimoja jijini London walikunywa chai, na haukupita muda wakaanza kutapika. Walijikokota hadi hospitali. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, naye kwa kuwa mwenyewe hakuwa mzima akaagiza warudi nyumbani na kuwaona madaktari wao. Mmoja wao alifariki mchana ule ule. Chai ile ilikuwa na sumu ya arseniki.

Mjane wake alishtaki, na mahakama haikusita kusema kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kumwangalia mgonjwa yule na ilizembea. Hata hivyo mjane alishindwa. Ushahidi ulionyesha kwamba hata daktari angeamka, akampima, akamlaza na kuagiza vipimo, dawa ya kuizima sumu ile isingemfikia mgonjwa kwa wakati. Angekufa tu. Hukumu hiyo ya kesi ya Barnett ndiyo inayofundishwa kila mahali panaposomwa sheria ya Kiingereza, kwa kuwa inakionyesha wazi kipimo cha "lau si": lau si uzembe wa mdaiwa, je, madhara yangetokea? Kama yangetokea vilevile, uzembe wake haukuyasababisha, hata uwe mkubwa namna gani.

Kipimo hiki kina haki ndani yake. Mtu hatozwi fidia kwa sababu tu alikosea; anatozwa kwa sababu kosa lake limemdhuru mwenzake. Mdai naye habebeshwi mzigo mkubwa mno, kwani anatakiwa kuthibitisha kwamba jambo lina uwezekano zaidi ya nusu, basi. Kwa sumu iliyo tumboni, tena sababu ni moja inayojulikana, kipimo kinafanya kazi vizuri.

Taabu inaanza pale wakosaji wanapokuwa zaidi ya mmoja. Mchukue fundi aliyefanya kazi kwa waajiri wawili, miaka kadhaa kwa kila mmoja, na wote wawili wakamwacha avute vumbi la asbesto bila kinga. Baada ya miaka thelathini au arobaini anapata mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Daktari anajua ilitokana na asbesto. Asichoweza kukisema ni nyuzi za nani zilizoianzisha: za mwajiri wa kwanza, za wa pili, au za wote wawili. Kadiri unavyovuta nyingi ndivyo hatari inavyopanda, lakini ukishaupata ugonjwa, ukali wake hautegemei wingi huo. Hapo unatofautiana na asbestosi, yaani makovu ya mapafu, ambayo kila mzigo wa vumbi huyazidisha, kwa hiyo kila mwajiri anaweza kulipa kwa kiasi alichochangia. Mesothelioma haigawanyiki hivyo.

Sasa tumia kipimo cha "lau si". Mwajiri wa kwanza anasema: thibitisha kwamba ni zangu. Wa pili anasema hayo hayo. Kama vumbi lao lilikuwa sawa, kila mmoja amesimama kwenye nusu, na nusu haitoshi. Wakiwa watatu, kila mmoja ana theluthi. Matokeo yake ni ya ajabu: wakosaji wanavyozidi kuwa wengi ndivyo kila mmoja anavyozidi kuwa salama. Mwajiri mmoja mzembe angelipa. Wazembe watano wanaondoka bila kulipa chochote.

Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliyakubali matokeo hayo mwaka 2001. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Fairchild, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, liliyakataa. Likasema kwamba katika mazingira hayo inatosha mdai kuonyesha kuwa mwajiri aliiongeza hatari kwa kiasi cha maana. Lodi Bingham hakujificha: alikiri kwamba huenda mwajiri akalipia madhara ambayo si yeye aliyeyafanya, lakini akaona kwamba kumwacha mfanyakazi mikono mitupu ni dhuluma kubwa zaidi. Nami nakubaliana naye, kwa sababu moja: wote wawili walivunja wajibu uliowekwa kuzuia ugonjwa huu huu, na giza lililopo kwenye ushahidi halikuletwa na mgonjwa.

Lakini ukishafungua mlango, nani aingie? Miaka ya nyuma, katika kesi ya Wilsher ya mwaka 1988, mtoto njiti alipofuka baada ya kupewa oksijeni kupita kiasi. Uzembe ulikuwapo. Ila hali nne nyingine, zinazowapata watoto njiti bila kosa la mtu, zingeweza pia kuleta upofu huo. Malodi walikataa kudhania kwamba oksijeni ndiyo iliyosababisha, wakaagiza kesi isikilizwe upya. Tofauti na Fairchild ni ipi? Jibu la mahakama ni kwamba kwenye asbesto kisababishi ni cha aina moja, wakati kwa yule mtoto visababishi vilikuwa vya aina tofauti. Lodi Hoffmann, mmoja wa majaji wa Fairchild, mwaka 2002 aliona mpaka huo hauna msingi. Mwaka 2006 akaandika kwamba alikuwa amekosea, akaukubali. Ni nadra jaji kujirudi waziwazi hivyo. Bila mpaka huo, karibu kila kesi ya matibabu ingegeuka kuwa kesi ya hatari iliyoongezwa, na kipimo cha "lau si" kingebaki jina tu.

Ni katika hukumu hiyo ya 2006, kesi ya Barker, ndipo hesabu ilipokuja. Mfanyakazi alikuwa amekutana na asbesto kwa wiki sita kwa mwajiri mmoja, miezi sita kwa mwingine, kisha kwa vipindi vifupi alipojiajiri mwenyewe. Mwajiri wa wiki sita alikuwa amefilisika. Malodi wakasema: kwa kuwa mwajiri anawajibika kwa hatari aliyoileta, alipe sehemu yake ya hatari hiyo tu. Kimantiki ni safi sana. Kwa mjane maana yake ni kwamba fungu la kampuni iliyofilisika limepotea, na ni juu yake kumtafuta kila mwajiri na bima yake ya miaka hamsini iliyopita. Bunge halikuvumilia. Kabla ya mwaka kwisha lilipitisha kifungu kinachosema kwamba, kwa mesothelioma, yeyote aliyewajibika atalipa fidia yote, kisha yeye ndiye awafuate wenzake kudai michango yao. Sehemu ya uzembe wa mfanyakazi mwenyewe bado inakatwa.

Wapinzani wana hoja nzito hapa, nayo ilionekana mwaka 2011 katika kesi ya Sienkiewicz. Mwajiri alikuwa mmoja tu, na vumbi lake liliongeza hatari kwa asilimia 18 juu ya ile iliyokuwa hewani mtaani. Kwa kipimo cha kawaida asingelipa hata senti. Alilipa yote. Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyokuwa imechukua nafasi ya Malodi, ilikataa hoja kwamba hatari lazima iongezeke maradufu kwanza. Hapo ndipo ninapoona gharama halisi ya huruma ya Fairchild. Kanuni ilizaliwa kwa ajili ya wakosaji wawili wanaosukumiana lawama, sasa inamkamata mmoja ambaye mshindani wake ni hewa ya mji.

Majaji wa Nairobi na Dar es Salaam hawafungwi na hukumu hizi, ingawa mawakili huzitaja kwa kuwa sheria yetu ya uzembe imetoka shina hilo hilo. Mgonjwa wa mesothelioma akifika mbele yao, watakuwa na Fairchild na Barker mezani lakini hawatakuwa na kile kifungu cha Bunge la Uingereza. Wakifuata njia ya majaji wale bila ile ya wabunge, mwajiri atalipa fungu lake tu, na fungu la kampuni iliyokwisha kufutwa litabaki shingoni mwa mgonjwa.