Karatasi ya ghalani ndiyo iliyotuokoa

"Mkaguzi kashasaini hesabu, mabondo ya samaki ghalani yakaja kuonekana pungufu. Atajiteteaje?"

Ndugu, kiwanda kimoja cha sangara hapa Mwanza kilitudai sisi wakaguzi wake hivyo hivyo. Karatasi yetu ya kuhesabia ilionyesha tarehe, saa, magunia tuliyopima wenyewe, hata lile lililopungua kilo 4 na maelezo ya mtunza ghala. Siku ile mzigo uliobaki ulilingana na leja, kwa hiyo upungufu ulitokea baadaye. Jalada tulilifunga ndani ya siku 60 baada ya ripoti, kama kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 230 kinavyoelekeza. Karatasi iliyochomekwa baada ya dai ingetumaliza. Na bima ya taaluma, kwa kawaida, inayolipa ni iliyo hai dai linapoletwa, siyo ya mwaka wa ukaguzi. Barua ya kwanza ikifika, wajulishe bima kabla hujakiri chochote.