Dimensheni hazioni 4π

Aliyefundishwa umeme kwa vipimo vya SI tangu sekondari, akifungua makala ya kitaalamu kuhusu plazma au nyota, hukuta milinganyo anayoitambua nusunusu. Herufi c imeingia mahali ambapo hakuitegemea, μ0 haipo, na 4π imehama. Huo ni mfumo wa Gausi, wenye sentimita, gramu na sekunde, na wanaastronomia wengi hawajauacha hadi leo. Wengi wetu hukimbilia jedwali, tukasoma kwamba tesla 1 ni gausi 10,000, tukazidisha na kuendelea na kazi.

Mimi naipinga njia hiyo. Jedwali hubadilisha namba, ilhali kilichobadilika kati ya mifumo hii miwili ni mlinganyo wenyewe. Anayeweka gausi zake ndani ya mlinganyo wa SI, au tesla ndani ya mlinganyo wa Gausi, hupata jibu lisilo na maana hata kama alizidisha sawasawa. Nadhani tungefundisha kwanza kubadilisha alama, kisha kukagua dimensheni, na tuseme wazi ni kosa gani ambalo ukaguzi huo hauwezi kulikamata.

Tuchukue uga wa sumaku unaouzunguka waya mrefu ulionyooka wenye mkondo I, kwa umbali r kutoka kwenye waya:

```
SI:     B = μ0 I / (2π r)
Gausi:  B = 2 I / (c r)
```

Ukitazama haraka utadhani μ0/2π imegeuka kuwa 2/c, na kwamba ukishika hilo tu umemaliza. Lakini B ya mstari wa kwanza na B ya mstari wa pili si kitu kimoja kilichopimwa kwa rula mbili, na I nayo ni hivyo hivyo. Katika SI, ampea ni kipimo cha msingi kinachojitegemea, sambamba na mita, kilo na sekunde. Wazo la kuongeza kipimo hicho cha nne alilitoa Mwitalia Giovanni Giorgi mwaka 1901. Katika mfumo wa Gausi hakuna cha nne. Chaji huzaliwa kutokana na nguvu: chaji mbili zinazolingana zikikaa umbali r husukumana kwa nguvu F = q²/r², basi, bila kizidishi chochote mbele. Kwa hiyo chaji ina vipimo vya g^½ cm^(3/2) s⁻¹. Hizo nusu huwatisha watu, ingawa chanzo chake ni kipeuo cha pili tu: q ni kipeuo cha pili cha nguvu mara eneo.

Kitu ambacho mifumo yote miwili inakubaliana ni nguvu. Waya ukivutwa, umevutwa, na anayepima kwa mizani hajali mhesabuji anatumia mfumo upi. Hapo ndipo pa kushikia. Katika SI nguvu kati ya chaji mbili ni q²/(4πε0 r²). Ukiilinganisha na q²/r² ya Gausi, unapata uhusiano wa chaji, na mkondo ni chaji kwa sekunde, hivyo unafuata uhusiano uleule. Kisha chukua nguvu ya uga wa sumaku kwenye chaji inayokwenda kwa kasi v: SI huandika qvB, Gausi huandika qvB/c. Zilinganishe tena, na ukumbuke kwamba μ0ε0 ni 1/c². Matokeo ni haya:

```
I_SI = √(4π ε0) · I_G
B_SI = √(μ0 / 4π) · B_G
```

Sasa peleka hizi mbili kwenye mlinganyo wa waya. Upande wa kushoto unakuwa √(μ0/4π)·B_G, na wa kulia μ0·√(4πε0)·I_G/(2πr). Ukigawanya pande zote kwa √(μ0/4π), upande wa kulia unabaki na 4π·√(μ0ε0) juu na 2πr chini. 4π juu ya 2π ni 2, na √(μ0ε0) ni 1/c. Umefika 2I/(cr) bila kukariri chochote. Tena hukulazimika kubahatisha mahali pa kuiweka c, maana imekuja yenyewe.

Uhusiano wa B unatoa pia ile 10,000 ya jedwali, na hapa ndipo inapoeleweka. Zidisha tesla moja kwa √(4π/μ0). Vipimo vya tesla ni kg s⁻² A⁻¹, na vya μ0 ni kg m s⁻² A⁻². Ampea zinafutana, unabaki na √(10⁷), yaani 3,162 hivi, ya kg^½ m^(−½) s⁻¹. Geuza kilo kuwa gramu: kipeuo cha pili cha 1,000 ni 31.62. Geuza mita kuwa sentimita: kipeo ni nusu hasi, kwa hiyo zidisha kwa 0.1. Zao la namba hizo tatu ni 10,000. Ndiyo maana napendelea tuseme tesla 1 “inalingana na” gausi 10,000 na tuiache alama ya “=”, kwa sababu dimensheni za pande hizo mbili hazifanani. Tangu tarehe 20 Mei 2019, μ0 haiwi tena 4π×10⁻⁷ kwa ufafanuzi. Ni namba inayopimwa maabara. Tofauti yake na thamani ya zamani ni ndogo kuliko sehemu moja kwa bilioni, kwa hiyo haimgusi anayehesabu uga wa waya.

Tukague dimensheni za jibu. Mkondo wa Gausi una vipimo vya g^½ cm^(3/2) s⁻². Gawanya kwa c, ambayo ni cm s⁻¹, kisha kwa r, ambayo ni cm. Unapata g^½ cm^(−½) s⁻¹, na hiyo ndiyo gausi. Uzuri wa ukaguzi huu unaonekana pale unaposhindwa. Tuseme mtu amesahau c akaandika B = 2I/r. Vipimo vinatoka g^½ cm^½ s⁻², ambavyo vimezidi gausi kwa cm s⁻¹ kamili. Ukaguzi umekwambia kuna kosa, na umekwambia pia kilichopotea ni kasi moja chini ya mstari.

Sasa mtu mwingine, mwenye haraka, anaiondoa μ0 kwenye mlinganyo wa SI na kuweka 1/c mahali pake. Anaandika B = I/(2πcr). Akikagua dimensheni, zinakaa sawa kabisa. Jibu lake hata hivyo ni dogo kuliko la kweli mara 4π, yaani mara 12.57. Dimensheni haziwezi kuiona 4π, maana ni namba tupu isiyo na gramu wala sentimita. Na kati ya SI na Gausi, 4π ndiyo inayohama zaidi kuliko chochote. Ndiyo maana nasema anayekagua dimensheni peke yake amefanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kuhesabu kisa kimoja chenye namba mpaka kwenye nguvu. Weka mkondo wa 10 A na umbali wa sm 5. Kwa SI, B ni 2×10⁻⁷ × 10 / 0.05, yaani 4×10⁻⁵ T. Kwa Gausi, ampea moja inalingana na 2.998×10⁹ za kipimo cha mkondo cha mfumo huo, hivyo 10 A ni 2.998×10¹⁰, na c ni 2.998×10¹⁰ cm/s. Namba hizo mbili zinafutana, inabaki 2/5, yaani 0.4 G. Ni uga unaokaribiana na wa dunia yenyewe. Yule aliyeweka 1/c badala ya μ0 angepata 0.032 G.

Weka sasa waya wa pili sambamba na wa kwanza, kwa umbali uleule wa sm 5, wenye mkondo uleule. Kwa SI, nguvu kwa kila mita ni IB, yaani 4×10⁻⁴ N. Kwa Gausi ni IB/c, yaani daini 0.4 kwa kila sentimita. Nyutoni moja ni daini 100,000 na mita ni sentimita 100, hivyo nyutoni kwa mita ni daini 1,000 kwa sentimita, na 4×10⁻⁴ inatoa 0.4. Hapa alama ya “=” inastahili, maana pande zote mbili ni nguvu kwa urefu. Mwenye 4π iliyopotea angekwama papo hapo.

Kwa waya, kosa la namna hiyo hukamatwa upesi. Ndani ya vitu vyenye usumaku ndimo 4π inamojificha vizuri zaidi. SI huandika B = μ0(H + M), Gausi huandika B = H + 4πM. H ni uga unaotokana na mikondo tunayoiendesha sisi, na M ni usumaku wa kitu chenyewe kwa kila ujazo. Katika SI zote mbili hupimwa kwa A/m. Katika Gausi zote mbili zina vipimo vilevile vya g^½ cm^(−½) s⁻¹. Mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani zinabadilishwa kwa kizidishi kimoja. Lakini H ya 31.8 A/m, ambayo ndiyo ya waya wetu, inalingana na 0.4 katika Gausi, ilhali M ya 31.8 A/m inalingana na 0.0318. Namba ni ileile na kipimo cha SI ni kilekile, ila matokeo yanatofautiana kwa 4π kwa sababu milinganyo miwili imeiweka 4π mahali tofauti.

Kuna χ pia, uwiano wa M kwa H, unaoonyesha kitu kinavyoitikia sumaku. Haina kipimo chochote katika mfumo wowote, kwa hiyo ungetarajia iwe namba ileile kote. Kwa maji, jedwali la SI litakupa karibu −9.0×10⁻⁶, na la Gausi karibu −7.2×10⁻⁷. Yote mawili ni sahihi, na χ ya SI ni 4π mara χ ya Gausi. Hakuna kipimo pembeni cha kukutahadharisha. Kinachookoa ni uwiano wa B kwa H ikilinganishwa na ombwe, ambao lazima uwe namba ileile kwa wote: 1 + χ kwa SI, 1 + 4πχ kwa Gausi. Ukipewa χ bila kuambiwa mfumo, usiitumie mpaka ujue ni ipi kati ya hizo mbili inaendana nayo.

Sitaki mfumo wa Gausi ufutwe. Ndani yake E na B zina vipimo sawa, na katika mwanga unaosafiri kwenye ombwe zina ukubwa sawa kabisa, jambo ambalo SI hulifunika kwa c. Ninachodai kwa anayechapisha jedwali la usumaku, awe mwalimu, mtafiti au muuza sumaku, ni aandike juu ya safu mlinganyo alioutumia, B = μ0(H + M) au B = H + 4πM.