Klipu ya Outer Ring: fremu zinasema nini, sauti inasema nini

"Klipu hii ya sekunde 9 imetufikia kwenye grupu ya mtaa. Wanasema konda wa matatu alimsukuma mtu wa boda pale Donholm leo jioni, kisha dereva akatoroka. Kwani hapa kumetokea nini hasa?"

Tuanze na hiyo "leo jioni", maana ndiyo rahisi kupima. Aliyerekodi alikuwa juu ya daraja la miguu la barabara ya Outer Ring, Nairobi, na magari yanaelekea Taj, yaani kusini. Mkono wa kushoto wa barabara, iliko steji, ni mashariki. Kivuli cha matatu kimelala kulia, upande wa katikati ya barabara, kwa hiyo jua liko mashariki na hiyo ni asubuhi. Maandishi ya ubavuni mwa gari yanasomeka sawasawa, basi picha haikugeuzwa kama kwenye kioo. Tena mtu aliyesimama peke yake kando ya nguzo ana kivuli kinachokaribia urefu wake mwenyewe. Nairobi iko karibu na ikweta, jua hupanda kwa mwendo usiobadilika sana mwaka mzima, na kivuli hulingana na kimo cha mtu mnamo saa tatu na nusu asubuhi au saa tisa na nusu alasiri. Hii ni ya saa tatu na nusu. Siku gani, kivuli hakisemi.

Hilo halimfanyi aliyeandika maelezo kuwa mwongo kwa kila kitu. Huenda naye alitumiwa tu akadhani ni ya siku hiyo. Ila linatosha kutuambia kwamba hakuwepo.

Wa upande mmoja wanasema boda alikuwa anakimbia vibaya, akajitakia. Mwendo wake unaweza kukadiriwa bila kujua kamera ilikuwa mbali kiasi gani. Tafuta alama moja iliyo kwenye lami, hapa ni ncha ya mstari mweupe, uhesabu fremu kuanzia gurudumu la mbele linapoigusa hadi la nyuma linapoigusa. Nimepata fremu 4. Klipu ina fremu 30 kwa sekunde, na kutoka ekseli hadi ekseli pikipiki kama hizi za boda huwa na takriban mita 1.3. Hiyo inatoa kilomita 35 kwa saa. Lakini macho yanaweza kukosea fremu moja huku au kule, kwa hiyo jibu la haki ni kati ya kilomita 28 na 47. Kikomo cha mjini ni 50. Kwa mwendo hakuvunja sheria, ingawa kupita kushoto kwa matatu inayoshusha watu, katikati yake na ukingo wa barabara, ni kesi nyingine kabisa.

Kabla ya kuhesabu hivyo, hakikisha fremu zimepangana sawa. Simu nyingi hupunguza fremu zenyewe, na WhatsApp hubana faili upya. Amri hii ya ffprobe, programu ya kompyuta inayosoma faili za video, inaonyesha muda wa kila fremu:

```
ffprobe -select_streams v -show_entries frame=pts_time -of csv klipu.mp4
```

Hapa nafasi ni sawa mwanzo hadi mwisho, sekunde 0.033 kila moja. Zingekuwa zinarukaruka, hesabu yote ya mwendo ingekuwa ya kutupa.

Sasa ule mshindo, ambao watu wote wanausikia na kusema, "Hapo ndipo alipogongwa!" Unasikika kwenye fremu ya 95. Kofia ya mwendeshaji inapotea nyuma ya paa la matatu kwenye fremu ya 96, ikiwa wima kabisa, na inatokea mbele ya gari kwenye ya 104 ikiwa imeinama, anaanguka. Kutoka darajani hadi pale ni kama matatu saba zilizopangwa mstari mmoja, mita 33 hivi, na sauti huchukua sekunde 0.1 kufika, yaani fremu 3. Kwa hiyo kama mshindo ulitoka kwenye matatu, ulitokea kwenye fremu ya 92, mtu wa boda akiwa bado anaonekana, yuko sawa kwenye kiti chake.

Huenda sauti na picha zimepishana wakati faili ilipobanwa? Swali zuri, na klipu yenyewe inalijibu. Baadaye konda anapiga paa kwa kiganja mara mbili, ile ishara ya twende. Kiganja kinagusa bati kwenye fremu ya 182, mlio unafika kwenye ya 185. Fremu 3 kamili. Sauti haijahama.

Basi mshindo ule si mgongano. Unaweza kuwa mlango uliovutwa hadi mwisho wa reli yake, au hatua ya mtu kwenye chuma cha daraja, karibu na simu. Kama ni mlango, wapo watakaosema ndio uliompiga, nami nina shaka, kwa sababu mlango wa matatu ya abiria 14 huteleza nyuma ukiwa umeshikana na bodi. Haufunguki kwa nje. Kinachotoka nje ni abiria anayeshuka. Mgongano wenyewe hausikiki, na hilo halimaanishi haukuwepo: simu ikipata mlio mkubwa hujipunguzia sauti kwa muda mfupi, na kishindo kidogo kinachofuata humezwa.

Kilichotokea kati ya fremu ya 96 na 104 kimefichwa na paa. Konda kumsukuma, abiria kushuka bila kuangalia, boda kugusa ukingo: zote zinatoshea humo. Anayesema ameona mkono ukisukuma ameuona kichwani mwake.

Kuhusu kutoroka, nasimama karibu zaidi na wanaowalaumu watu wa matatu. Konda yuko mlangoni, upande uleule alikoanguka mtu, na anapiga paa sekunde mbili na nusu baadaye. Siamini hakuona. Dereva ni tofauti, alichoona kwenye kioo cha kushoto hatukijui, na akisikia ishara huondoka.

Wapo wanaodai klipu yoyote isiyo na mwanzo itupwe. Hapana. Machi 2022, ile ya Forest Road, waendeshaji boda wakimdhulumu mwanamke aliyekuwa ndani ya gari lake, haikuhitaji mwanzo. Hata kama alikuwa amemgonga mtu dakika moja kabla, kitendo kilichoonekana kilikuwa kosa tosha. Hapa tunauliza nani alisababisha, na chanzo kiko palepale pasipoonekana.

Na mwanzo upo mahali fulani. Sauti ya klipu inaanza katikati ya neno, dalili kwamba imekatwa. Tena kwenye fremu ya kwanza watu wanne wa steji tayari wamegeuza vichwa kuitazama matatu, sekunde tatu kabla ya mshindo. Walikuwa wanatazama nini? Ugomvi wa nauli, labda. Aliyekata huenda aliokoa bando tu, au alikuwa na sababu.

Anayetaka kuipeleka polisi amtafute aliyerekodi, si nakala iliyozunguka. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa, na nakala ya WhatsApp imeshapoteza tarehe na saa zilizoandikwa na simu. Kama kuna kamera ya duka au kituo cha mafuta inayotazama steji ile kutoka upande wa kushoto, iombwe wiki hii hii, kwa sababu mashine hizo zikijaa hufuta za zamani zenyewe.