Kilojuli za pakiti na wati za mwili: je, zinagawanyika?

"Pakiti ya biskuti imeandikwa 1,888 kJ kwa gramu 100, na nimesoma kwamba mtu akiwa amelala tu mwili wake hutoa joto la karibu wati 80. Je, nikigawanya namba ya kwanza kwa ya pili, nitapata saa ambazo biskuti hizo zinaniweka?"

Hesabu yenyewe haina kosa, kwa kuwa wati moja ni juli moja kwa sekunde, na juli ni juli popote ilipo, iwe ndani ya unga wa ngano au kwenye ngozi ya binadamu. Mashaka yako kwingine. Namba ya kwanza si kipimo cha pakiti iliyo mkononi, na ya pili mara nyingi si kipimo cha mtu anayeuliza. Zote mbili ni makadirio yaliyotokana na watu wengine na vyakula vingine, na ndiyo maana wataalamu hawakubaliani kuhusu uzito wa kuzipa.

Tuanze na pakiti. Wengi hudhani kwamba kiwandani kuna mtu anayechoma biskuti na kupima joto lake. Chombo cha kufanyia hivyo kipo, nacho ni kalorimita ya bomu: kikopo cha chuma kizito ambamo huwekwa takriban gramu moja ya chakula kilichokaushwa na kusagwa, kikajazwa oksijeni kwa mgandamizo wa karibu mara 30 ya ule wa hewa ya kawaida, kikazamishwa katika maji, kisha sampuli ikawashwa kwa waya wa umeme. Chakula huungua chote kwa sekunde chache, na mpimaji husoma maji yamepanda joto kwa kiasi gani. Ili ajue kila nyuzi moja ya joto ina thamani gani, kwanza huchoma asidi ya benzoiki, ambayo joto lake linajulikana vizuri: kilojuli 26.4 kwa gramu. Ikiwa chombo chake huhitaji kilojuli 10 ili kupanda nyuzi moja, gramu ya biskuti zetu itakipandisha nyuzi mbili na ushei, yaani kilojuli 20.2 kwa gramu, au 2,020 hivi kwa gramu 100.

Pakiti, hata hivyo, inasema 1,888. Tofauti hiyo ya karibu asilimia 7 si uzembe wa mtengenezaji. Mwili si bomu. Kwanza, sehemu ya chakula haisagwi tumboni, bali hutoka na kinyesi ikiwa bado na nishati yake. Pili, protini haiungui mwilini hadi mwisho, kwa sababu nitrojeni yake hutolewa katika mkojo ikiwa urea, na urea bado inaweza kuungua. Gramu moja ya protini hutoa kilokalori 5.65 ndani ya bomu. Ukiondoa takriban 1.25 zinazopotea na mkojo, kisha ukazidisha kinachobaki kwa asilimia 92 inayosharabiwa na utumbo, unapata 4 na kidogo. Hesabu hii ni ya Wilbur Atwater, mkemia wa Chuo Kikuu cha Wesleyan katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alichoma vyakula vingi, akachoma pia vinyesi vya waliovila, kisha akatoa wastani: kilokalori 4 kwa gramu ya protini, 9 kwa mafuta na 4 kwa kabohaidreti.

Namba hizo tatu ndizo zinazoandika vibandiko vingi vya leo. Kanuni za kimataifa za Codex zimezigeuza kuwa kilojuli 17, 37 na 17. Mtengenezaji hupima, au huchukua kutoka katika majedwali ya vyakula, gramu za kila kirutubisho, kisha huzidisha. Biskuti zetu zina protini gramu 7, mafuta 15, kabohaidreti 70 na nyuzinyuzi 3, ambazo sheria za Ulaya huzihesabu kilojuli 8 kwa gramu. Hivyo 119 jumlisha 555, jumlisha 1,190, jumlisha 24, unapata 1,888. Kwa njia ya kilokalori unapata 449, na ukizidisha hizo kwa 4.184, ambayo ndiyo thamani ya kilokalori moja katika kilojuli, unapata 1,879. Kilojuli tisa zimepotelea wapi? Hazikupotea popote. Kilokalori 4 ni kilojuli 16.7, zikakuzwa kuwa 17. Kilokalori 9 ni 37.7, zikapunguzwa kuwa 37. Kwa hiyo sukari tupu huandikwa 1,700 kJ na 400 kcal, uwiano wa 4.25, ilhali mafuta matupu huandikwa 3,700 kJ na 900 kcal, uwiano wa 4.11. Kwa chakula cha kawaida, msomaji akigawanya kilojuli kwa kilokalori na jibu likatoka mbali na mipaka hiyo, kwa mfano 3.5 au 5, ajue kuna tarakimu iliyochapwa vibaya. Chakula chenye nyuzinyuzi nyingi peke yake ndicho kinachoweza kuushusha uwiano kuelekea 4.

Upande wa mwili una vipimo vyake. Joto la mtu aliyepumzika hupimwa akiwa amelala macho, bila kula kwa takriban saa 12, katika chumba kisicho cha baridi wala cha joto. Siku hizi mara nyingi hakuna anayepima joto lenyewe. Hupimwa oksijeni anayoivuta, kwa sababu kila lita ya oksijeni inayotumiwa huambatana na karibu kilojuli 20, iwe mwili unaunguza mafuta au wanga. Mwanamume wa miaka 30 mwenye kilo 70 na urefu wa sentimita 170 hukadiriwa kutumia kilokalori 1,618 kwa siku katika hali hiyo. Zigeuze kuwa juli, ugawanye kwa sekunde 86,400 za siku, upate wati 78. Hiyo ni sawa na chini kidogo ya robo lita ya oksijeni kwa dakika. Karibu nishati hiyo yote hutoka ikiwa joto, kwani hata kazi ya moyo kusukuma damu huishia kuwa msuguano ndani ya mishipa, na msuguano ni joto.

Basi tugawanye. Juli 1,888,000 kwa wati 78.3 ni saa 6 na dakika 42. Wanaotetea kibandiko watasema jibu hilo linatosha, na wana hoja nzito. Atwater hakuishia kwenye makopo. Pamoja na mwanafizikia Edward Rosa alijenga chumba ambamo mtu aliishi kwa siku kadhaa, joto lote alilotoa likibebwa na maji yaliyopita katika mabomba na kupimwa, na joto hilo lililingana na nishati ya chakula iliyokokotolewa kwa tofauti ya chini ya asilimia moja kwa wastani. Kwa hiyo kilojuli za kibandiko na wati za mwili zimekwisha kukutanishwa katika chumba kimoja, zikapatana.

Hata hivyo ni lazima kujua zinapatana katika nini. Kusaga, kusharabu na kuhifadhi chakula chenyewe huongeza joto la mwili, kwa mlo mchanganyiko takriban asilimia 10 ya nishati yake, na kwa protini peke yake asilimia 20 hadi 30. Nyongeza hiyo haimo katika wati 78, kwa sababu zilipimwa tumbo likiwa tupu. Ukiitoa, biskuti zinabaki na kilojuli 1,700 hivi, na saa 6 na dakika 42 zinakuwa saa 6 hivi. Anayetaka kujua jumla ya joto litakalotoka mwilini asiitoe, maana nayo ni joto. Anayetaka kujua pakiti inauahirishia mwili kula akiba yake kwa muda gani lazima aitoe. Hapo ndipo baadhi ya wataalamu walipopendekeza vibandiko vyote viandikwe kwa nishati halisi inayobaki baada ya gharama ya usagaji. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliujadili mfumo huo katika ripoti yake ya mwaka 2003, ikaona heri kubaki na wa zamani, kwa kuwa majedwali ya vyakula na makadirio ya mahitaji ya binadamu yamejengwa juu yake. Kubadili upande mmoja bila mwingine kungeleta mkanganyiko kuliko faida, na kwa hilo naona walifanya sawa.

Lawama iliyo nzito zaidi ni ya vyakula vizima. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi, wakachoma kinyesi na mkojo kama Atwater, wakakuta gramu 28 zinampa mlaji kilokalori 129, si takriban 170 zilizokuwa zikikokotolewa. Kwa mtu wetu wa wati 78, hizo ni saa moja na dakika 55 badala ya saa mbili na nusu. Sababu yake inaonekana kwa darubini: mafuta yamo ndani ya seli zenye kuta ngumu, na seli ambazo meno hayakuzipasua hupita zikiwa zimefungwa. Karanga ni vivyo hivyo. Walaji wa karanga nzima hutoa mafuta mengi zaidi katika kinyesi kuliko walaji wa siagi ya karanga, na hao kuliko wanaotumia mafuta yake yaliyokamuliwa. Kibandiko hakioni tofauti hiyo, kwa kuwa gramu za mafuta ni zilezile. Hapa siwezi kuutetea mfumo: kosa la asilimia 30 kwa chakula kimoja si la kufichwa katika wastani. Lakini biskuti ni unga uliosagwa na mafuta yaliyokwisha kukamuliwa, kazi ambayo meno yangeifanya imekwisha kufanywa na kinu, na kwake namba za Atwater ziko karibu sana na ukweli.

Linabaki kosa ambalo wakosoaji wa vibandiko hawalitaji sana, nalo liko katika namba tunayogawanya kwayo, yaani wati za mwili. Zile kilokalori 1,618 zilitoka katika kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, iliyotokana na vipimo vya watu 498 wa Marekani: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, jumlisha 5 kwa mwanamume au toa 161 kwa mwanamke. Mtu mwenye afya anaweza kuwa juu au chini ya jibu lake kwa asilimia 10 bila ajabu yoyote, hasa kwa kuwa kanuni haijui kama kilo 70 hizo ni misuli au mafuta. Asilimia hizo zinazipeleka saa za biskuti kutoka 6 na dakika chache hadi karibu 7 na nusu, pengo pana kuliko tofauti zote za kilojuli tulizoona kwenye pakiti ya biskuti. Anayetaka jibu la karibu zaidi atapata faida ndogo kwa kugombana na kibandiko cha biskuti; afadhali apimwe oksijeni yake asubuhi kabla ya kifungua kinywa.