Asilimia 3 ya flati si asilimia 3

Ukipewa ratiba ya marejesho ya mkopo, usianze na rejesho la mwezi. Shusha kidole kwenye safu ya riba, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Namba ikiwa ileile mwanzo mwisho, hiyo ni flati, yaani riba inatozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Ikishuka kila mwezi, riba inatozwa kwenye salio linalopungua.

Chukua mama muuza mafuta ya alizeti soko la Majengo, Dodoma, aliyekopa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Kwa flati, riba ni 36,000 kila mwezi, rejesho ni 136,000, na hadi anamaliza amelipa riba ya 432,000. Kwa salio linalopungua, akirudisha 100,000 ya deni la msingi kila mwezi, riba inaanza 36,000, inafuata 33,000, kisha 30,000, hadi 3,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni 234,000. Asilimia ni ileile, ila tofauti ni 198,000.

Angalia mwezi wa 12 wa flati. Deni la msingi lililobaki ni 100,000 tu, lakini bado anatozwa 36,000, kana kwamba ile milioni na laki mbili yote iko mkononi mwake. Analipia riba ya pesa aliyokwisha kuirudisha. Ndiyo maana flati hii ya asilimia 3 inalingana na takriban asilimia 5.1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Flati yenyewe si wizi, na kwenye vikundi ina wepesi wake wa kuhesabu. Lakini afisa mikopo anayetaja asilimia bila kutaja njia ya kukokotoa hajakutajia bei, na hilo kwangu halina utetezi.

Utata mkubwa huja mtu anapotaka kumaliza mapema. Baada ya miezi 6 mama huyu amelipa 816,000, na taarifa ya mkopo inaonyesha salio 816,000. Watu hushtuka hapo. Sababu ni kwamba riba ya mwaka mzima iliingizwa kwenye deni siku ya kwanza. Deni la msingi lililobaki ni 600,000, na 216,000 ni riba ya miezi ambayo haijafika.

Je, anadaiwa ipi? Mkataba ndio unaoamua. Ukisema riba ni ya miezi iliyotumika tu, analipa 600,000 pamoja na ada ya kumaliza mapema, kama imeandikwa. Ukisema riba yote inadaiwa, kuwahi hakumpunguzii hata shilingi, na pesa hiyo ni heri aiache kwenye madumu ya mafuta hadi tarehe zake zifike. Kipengele hicho kisomwe kabla ya sahihi. Akishaamua kumaliza, aombe barua ya kiasi cha kufunga mkopo, yenye tarehe, msingi na riba vikiwa mistari tofauti, kabla hajatuma pesa.